Maharage yaliyochipuka, gesi ya baba na damu ya mtoto

*Shikamoo Shangazi. Naishi Mbeya, jirani na Uyole, na maharage ndiyo mboga yetu siku nyingi za wiki. Mume wangu akila, usiku mzima tumbo linamjaa gesi, na sasa ameyasusa kabisa. Halafu kliniki wameniambia mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu damu yake iko chini kidogo. Wamempa dawa ya maji ya kuongeza damu, wakasema nimpe pia maharage na uji wa ulezi. Mdogo wangu aliyeko Dar anasema maharage yakilowekwa na kuchipushwa gesi inaisha na madini yote yanaingia mwilini, tena yakishachipuka hayana haja ya kupikwa, naweza kuyachanganya kwenye kachumbari. Jirani yangu anasema nisijisumbue, nitie magadi tu. Nimeshaloweka nusu kilo ya maharage mekundu, yako kwenye ndoo. Nifanye lipi?*

*Mama Tumaini, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Nianze na kachumbari, maana hilo haliwezi kusubiri: usiyatie humo. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoitwa lektini, na kuchipuka siku mbili tatu hakuiondoi. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumlaza mtu mzima. Saa moja hadi tatu baada ya kula anaanza kichefuchefu, anatapika mfululizo, kisha anaharisha. Wengi hupata nafuu siku hiyo hiyo, lakini kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu kutapika na kuharisha hivyo ni jambo la kukimbilia hospitali.

Hata mbegu zisizo na lektini nyingi, kama choroko, mimi sizishauri zikiwa mbichi kwa mtoto mdogo wala mama mjamzito. Unyevu na joto linalochipusha mbegu ndilo hilo hilo linalokuza vijidudu. Mwaka 2011 kule Ujerumani watu zaidi ya 50 walikufa kwa bakteria waliotokana na machipukizi ya mbegu za uwatu yaliyoliwa mabichi. Machipukizi ya nyumbani kwako yaishie sufuriani.

Sasa sufuria yenyewe. Lektini huharibika kwa mchemko mkali. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuloweka saa tano au zaidi, kumwaga maji, kisha kuchemsha kwenye maji mapya, na mchemko wa nguvu udumu dakika kumi kwa uchache. Wewe nakuambia nusu saa, na sababu ni mahali unapoishi. Mbeya iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji yanachemka huko yakiwa na nyuzi 94 hivi, si 100 kama ya mdogo wako Dar. Ndiyo sababu maharage ya Mbeya, Njombe au Makete yanakula kuni nyingi kuliko ya pwani, hata yakiwa ya gunia moja. Hesabu hiyo nusu saa kuanzia pale maji yanapobubujika sufuria nzima, siyo pale unapoona mvuke wa kwanza. Baada ya hapo punguza moto na uendelee mpaka yaive.

Kama una jiko la kikapu, lile la kufunika sufuria kwa mablanketi ili chakula kijiivishe kwa joto lake, litumie baada ya ile nusu saa tu. Maharage yaliyopashwa mpaka nyuzi 80 na kuachwa hapo yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi, ilhali kwa macho yanaanza kulainika na kumdanganya mpishi. Kujua kama yameiva, chukua punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, uzibonyeze kwa ulimi kwenye kaakaa. Zote zisagike bila kiini kigumu katikati. Moja ikigoma, rudisha motoni.

Hiyo ndiyo kazi ya moto: usalama na ulaini. Gesi ya mumeo na damu ya mtoto ni mambo mengine, na hapo ndipo mdogo wako alipochanganya mambo. Kuloweka kunasaidia tumbo zaidi kuliko kunavyosaidia madini. Kuchipusha kunasaidia vyote viwili, kwa kiasi. Na sehemu kubwa ya suala la madini inaamuliwa mezani, wakati chakula kinaliwa, na kwenye kikombe cha uji.

Gesi inatoka wapi? Maharage yana sukari za aina ya rafinosi na stakiosi ambazo utumbo wetu mwembamba hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita nzima mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanazila na kutoa gesi. Si ugonjwa, na si uchafu wa maharage. Habari njema ni kwamba sukari hizi huyeyuka kwenye maji. Ukiloweka usiku kucha, sehemu yake inahamia kwenye maji ya ndoo, kwa hiyo maji yale yamwagwe. Wapo wanaoyapikia kwa kuogopa kupoteza virutubisho. Ni kweli kuna vitamini kidogo inayoondoka nayo, lakini kama shida iliyopo mezani ni tumbo la baba, hesabu iko wazi.

Kuchipusha kunakwenda mbali zaidi, kwa sababu sukari hizo ndizo akiba ambayo mbegu huanza kuila inapoamka. Siku ya pili na ya tatu mche mchanga unakuwa umekula sehemu kubwa ya kile kilichokuwa kinamsumbua mumeo. Ila usimwahidi kwamba gesi itaisha kabisa. Nyuzinyuzi za maharage nazo zinachachuka tumboni, na zile zina faida zake. Mwanzishie upawa mmoja, siyo sahani, kwa wiki mbili tatu. Watu wengi wanaoyala mara kwa mara tumbo lao huzoea. Akiona hata hivyo hawezi, mpikie choroko zilizochipushwa, ambazo kwa kawaida hazisumbui sana. Lakini kama pamoja na gesi anapungua uzito, ana maumivu yanayomwamsha usiku au anaona damu chooni, hilo siyo suala la maharage tena, aende akapimwe.

Tuje kwenye ndoo yako. Nusu kilo yenye maji mara tatu ya maharage iloweke saa kumi na mbili. Tia chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila lita ya maji. Chumvi inalegeza ganda, na hapo ndipo ninapomjibu jirani yako. Magadi yanaivisha haraka kweli, kwa sababu hiyo hiyo ya kulegeza ganda, lakini yanaharibu vitamini B1 ya maharage, na magadi ya baadhi ya maeneo ya kaskazini mwa nchi yetu yana madini ya floridi mengi, yale yanayowatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno. Sitaki kumwonea jirani. Ukikutana na maharage ya zamani yaliyokaa ghalani penye joto na unyevu, yanaweza kuchemka kutwa nzima yasilainike, na mtu akatafuta njia yoyote. Kwa hayo ya zamani chumvi ya kuloweka inasaidia, ingawa dawa yake hasa ni kununua ya msimu. Na kwa mtoto wako magadi yaache kabisa.

Asubuhi mwaga maji, osha mara mbili, ondoa punje zinazoelea na zilizobaki ngumu. Ukiishia hapo ukapika, umeshafanya la maana kwa tumbo la mumeo. Ukitaka kuchipusha, yaweke kwenye chujio pana au kapu safi lenye kitambaa, kina kisizidi vidole viwili, funika, weka mahali pasipo jua. Yaoshe asubuhi na jioni kwa maji safi ya kunywa na yachuje vizuri, maana yakikaa kwenye maji yanaoza badala ya kuchipuka. Dar yanachipuka kwa siku mbili. Kwenu Juni na Julai hesabu siku tatu au nne, na kapu lisogee karibu na jiko. Tunachotaka ni mzizi mweupe wa nusu sentimita hivi. Ukisubiri mpaka majani yatoke, ladha inakuwa ya nyasi.

Harufu yake iwe ya maharage mabichi na udongo kidogo. Yakinuka uchachu, yakiteleza kama yana kamasi, au ukaona utando wa kijani au mweusi, mwaga yote, usichague mazima. Ukungu wa namna hiyo unaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kuchemsha. Tena usije ukanunua mbegu za kupanda kwenye duka la pembejeo kwa sababu tu zinachipuka vizuri. Zile zenye rangi ya waridi, kijani au buluu zimepakwa dawa, haziliwi hata zioshwe vipi. Nunua maharage ya chakula sokoni, na umuulize muuzaji kama yamewekwa dawa ya kuhifadhia. Mengi yasipochipuka, ni ya zamani. Yapike tu kama maharage ya kawaida, ili mradi hayajaharibika.

Yaliyochipuka yanaiva mapema kuliko yaliyolowekwa tu, lakini ile nusu saa ya mchemko iko palepale. Nyanya na limau visiingie mpaka yaive, kwa sababu uchachu unakaza maganda na kukuchelewesha. Kwa mtoto, maganda mengi yatakuwa yamelegea. Yasugue, yaelee, uyatoe, kisha ponda kilichobaki.

Sasa damu. Mbegu huhifadhi fosforasi yake kwa umbo la kitu kinachoitwa fitati, na fitati inashika madini ya chuma na zinki kiasi kwamba tumbo haliwezi kuyachukua. Maharage yanayo, ulezi unao, mahindi ya dona yanayo. Moto hauivunji sana. Inayoivunja ni kimeng'enya kinachoitwa fitasi, kilichomo ndani ya mbegu yenyewe, ambacho huongezeka inapochipuka na kufa inapochemshwa. Kwa hiyo kazi ya kupunguza fitati inafanyika kabla ya sufuria. Kuloweka punje nzima usiku mmoja kunapunguza kidogo tu, kwa sababu fitati imejificha ndani. Kuchipusha kunapunguza zaidi. Kimeng'enya hiki pia kinapenda uchachu kidogo, na magadi yanakiharibia kazi. Hilo ni kosa lingine la jirani.

Ndiyo sababu nategemea uji kuliko maharage kwa mtoto wako. Chagua ulezi kilo moja, uoshe mpaka mchanga uishe, uloweke saa kumi na mbili, uchuje, uutandaze kwenye kitambaa kilicholowa na kufunikwa siku mbili, ukiunyunyizia maji asubuhi na jioni. Mizizi ikitoka nusu sentimita, anika juani mpaka ukauke kabisa, sugua mizizi idondoke, pepeta, kasage. Unga huo ni kimea. Usifanye hivyo kwa mtama kirahisi: machipukizi na mizizi ya mtama hubeba sumu ya sianidi, lazima ipepetwe yote baada ya kukausha na unga upikwe vizuri. Ulezi hauna usumbufu huo, na ndio ninaoupendekeza.

Kimea kina faida ya pili ambayo Taasisi ya Chakula na Lishe imeifundisha kwa miaka mingi. Uji mzito ukiwa vuguvugu, ukitia kijiko kimoja cha kimea na kukoroga, baada ya dakika chache unalegea na kuwa mwepesi. Kimeng'enya cha kimea kinakata wanga vipande vifupi. Maana yake unaweza kupika uji wenye unga mwingi zaidi kwa kikombe kilekile, mtoto akaumeza bila kutafuna, na tumbo lake dogo likapata chakula kingi kwa nafasi ndogo. Kimea kikitiwa uji ukiwa unachemka, kimeng'enya kinakufa na uji unabaki mzito. Wengi hushindwa hapo na kusema kimea hakifanyi kazi. Acha uji upoe mpaka uweze kugusa sufuria kwa mkono bila kuungua. Koroga kimea, subiri ulegee, kisha rudisha motoni uchemke dakika tano, kwa sababu unga wa mbegu iliyochipuka unaweza kuwa na vijidudu. Hii hatua ya kurudisha motoni watu huiruka sana.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, chachusha unga wa uji kwa maji kwa siku moja mahali safi, kama wanavyofanya wanaotengeneza togwa. Uchachu unaipa fitasi mazingira inayoyapenda na unasaidia chuma kufyonzwa. Kule Malawi watafiti wa lishe waliwafundisha akina mama njia nyepesi kuliko hiyo: kuloweka unga wa mahindi, kuacha utuame, kumwaga maji ya juu, kisha kupika uji kwa maji mapya. Fitati nyingi ya unga inatoka na yale maji, na punje nzima haikubali hivyo kwa sababu haijasagwa. Kama siku hiyo huna kimea, fanya hivyo.

Halafu mezani. Hapa kuna nguvu kubwa kuliko ndoo zote. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma cha maharage na ulezi kuingia mwilini, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana haja ya chai hata kidogo. Wewe na mumeo mkiipenda, iwe saa moja au zaidi baada ya kula. Badala yake weka kitu chenye vitamini C kwenye mlo huo huo: limau lililokamuliwa juu ya maharage yakiwa sahanini, nusu pera lililoiva, au chungwa. Vitamini C inashinda fitati kwa kiasi kizuri, ila ikichemshwa sana inaharibika, kwa hiyo limau lisubiri sahani. Na pale penye uwezo, ponda dagaa wachache wa Ziwa Nyasa kwenye maharage ya mtoto. Samaki na nyama husaidia kufyonzwa kwa chuma kilichomo kwenye mboga zilizo pamoja nazo.

Mpangilio ninaokupa kwa wiki hii basi ni huu. Kile kilichopo ndooni mwaga maji leo, osha, chipusha, pika Alhamisi kwa baba upawa mmoja wenye limau bila chai. Mtoto apate vijiko viwili vya maharage yaliyopondwa bila maganda, na dagaa ukipata. Kuanzia Jumatatu uji wake uwe wa kimea, na kipande cha pera kifuate. Kilo moja ya ulezi itakutosha kwa wiki kadhaa ikihifadhiwa kwenye chombo kikavu kilichofungwa, ila usisage unga mwingi zaidi ya huo, kwa sababu unachakaa na kutoa harufu.

Ile dawa ya maji ya kliniki usiiache hata chakula kikiwa kizuri namna gani. Chakula kinajenga polepole, na damu iliyokwisha kupungua inahitaji zaidi ya vijiko vya maharage. Mpe kama walivyoelekeza, bila chai wala maziwa kwa wakati uleule, na usishangae choo kikigeuka cheusi. Tarehe ya kurudi kupimwa ikifika, waulize kama wamempima malaria na minyoo, kwa sababu vyote viwili hupunguza damu kwa mtoto hata anayekula vizuri.

Shangazi